Chumba cha Mtoto Mchanga Katika Baridi ya Mkumbi: Mahali pa Kitanda, Joto, Mwanga na Unyonyeshaji wa Usiku

Katika nyumba nyingi za Mkumbi na vijiji vingine vya nyanda za juu za Mbinga, mtoto mchanga hana chumba chake peke yake. Hulala katika chumba cha wazazi, na kwa upande wa afya jambo hilo ni jema. Mapendekezo ya wataalamu wa watoto duniani yanataka mtoto alale chumba kimoja na mama yake kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, ila awe na mahali pake pa kulala. Kwa hiyo kupanga chumba cha mtoto hapa ni kukipanga upya chumba kilichopo, ili mtu mdogo asiyeweza kujigeuza, kujifunua wala kujikinga na baridi aweze kukaa humo usiku kucha kwa salama, na mama aweze kumnyonyesha bila kuhangaika gizani.

Upangaji huo una ugumu wake wa mahali. Miezi ya baridi kali, Juni na Julai, ndiyo pia miezi ya kuvuna kahawa. Mama hufika kitandani akiwa amechoka, na chumba huwa kimejaa magunia, vikapu na zana za shambani. Jiko la mkaa huingizwa ndani ili kupasha joto. Taa hutafutwa kwa kupapasa. Makala hii inaeleza mambo manne yanayopaswa kuamuliwa kabla ya mtoto kuzaliwa: mahali pa kulala, namna ya kupata joto, aina ya mwanga, na mpangilio wa vitu vya kunyonyeshea usiku. Mwishoni, chumba kimoja cha mfano kinapimwa na kupangwa kwa hesabu.

Mahali pa kulala

Mtoto mchanga alazwe chali kila anapolazwa, mchana na usiku. Nchi kadhaa zilipoanza kuwahimiza wazazi kufanya hivyo, zikiwamo Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto waliokuwa usingizini vilipungua kwa takriban nusu au zaidi katika miaka iliyofuata. Bibi wengi huhofia kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa na maziwa akicheua. Maumbile ya koo yanaondoa hofu hiyo. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu na njia ya chakula huwa chini yake, hivyo maziwa yanayorudi hulazimika kupanda ili yaingie kwenye njia ya hewa. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo huwa chini, na maziwa huielekea kwa uzito wake yenyewe.

Godoro liwe gumu kiasi na tambarare. Mzazi akilibonyeza kwa kiganja kisha akakiondoa, godoro linapaswa kurudi palepale bila kuacha shimo. Godoro la sponji lililochakaa na kubonyea katikati humfanya mtoto azame, na uso wake ukagusa kitambaa. Mto hauhitajiki kabisa. Blanketi zito, nguo zilizokunjwa na midoli ya manyoya visiwekwe karibu na uso.

Fundi seremala anayetengeneza kitanda cha mtoto apewe vipimo viwili. Nafasi kati ya mbao za pembeni isizidi sentimita 6, kwa sababu nafasi pana zaidi hupitisha kiwiliwili cha mtoto na kukiacha kichwa kimenasa. Kipimo rahisi cha nyumbani ni kopo la soda: likipita kati ya mbao, nafasi ni kubwa mno. Pili, godoro lijae kitanda. Ikiwa vidole viwili vinaingia kwa urahisi kati ya godoro na ubao, uso wa mtoto unaweza kukwama hapo. Mtoto anapofikia umri wa kukaa na kujivuta, kingo za kitanda ziwe na kimo kisichopungua nusu mita kutoka juu ya godoro.

Kitanda cha fundi si lazima. Huko Ufini, tangu mwaka 1938, serikali imekuwa ikitoa kwa mama wajawazito boksi la karatasi ngumu lenye nguo za mtoto na kigodoro, na watoto wengi wa nchi hiyo wamelala ndani ya boksi lenyewe. Sanduku la mbao lisilo na mfuniko, lililopigwa msasa na kutandikwa kigodoro kigumu, linaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa miezi ya mwanzo. Liwe na kitako tambarare kisichoyumba, na lisiwe limewahi kuhifadhi dawa za shambani.

Ukweli ni kwamba mama wengi watalala na mtoto kitanda kimoja, hata kama kitanda cha pembeni kipo. Mhudumu wa afya anayekataza tu bila maelezo hupoteza nafasi ya kumlinda mtoto. Yafaa aeleze ni wakati gani hatari huwa kubwa: mzazi akiwa amekunywa pombe, akiwa anavuta sigara, au akiwa ametumia dawa inayoleta usingizi, mtoto akiwa amezaliwa kabla ya wakati au na uzito chini ya kilo 2.5, na watoto wengine wakiwa wanalala kitanda hicho hicho. Katika hali hizo mtoto alale pake. Hatari huwa kubwa zaidi mama akisinzia na mtoto kwenye kochi au kiti cha sponji, kwa kuwa mtoto huteleza kati ya mwili wa mama na mgongo wa kiti. Mama anayehisi kwamba usingizi utamshinda ni afadhali anyonyeshee kitandani, mito na blanketi zikiwa zimesogezwa mbali, kuliko kuhamia kwenye kochi.

Joto bila jiko

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kwa sababu ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, na akiba yake ya mafuta ni ndogo. Joto la mwili wake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Katika chumba, joto humtoka kwa njia nne: nguo zilizolowa mkojo zinapokauka mwilini, anapogusa kitu cha baridi, upepo unapompitia, na anapokuwa karibu na ukuta wa baridi hata bila kuugusa. Njia hii ya mwisho husahaulika. Ukuta wa nje wa matofali, hasa usiopigwa plasta, hupoa sana alfajiri, na mtoto aliye kando yake hupoteza joto kuelekea ukutani ingawa hakuna upepo. Ndiyo maana kitanda chake huwekwa upande wa ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mbali na mstari wa hewa inayopita chini ya mlango.

Baridi na unyonyaji vinafungamana. Mtoto aliyepoa hunyonya kwa ulegevu. Akinyonya kidogo hukosa nguvu ya kutengeneza joto. Akikosa joto huzidi kupoa. Mzazi anaweza kuutambua mwanzo wa mzunguko huo kwa mkono wake. Nyayo zikiwa baridi na tumbo likiwa la moto, mtoto ameanza kuhisi baridi na anahitaji kuongezewa joto. Nyayo na tumbo vyote vikiwa baridi, mtoto amekwisha kupoa na yuko hatarini. Awekwe kifuani kwa mama mara moja na apelekwe kituo cha afya akiwa hapohapo kifuani.

Jiko la mkaa ndilo jibu linalozoeleka, nalo ndilo hatari kubwa kuliko zote katika chumba cha usiku. Makaa yaliyokwisha kushika moto na kuacha kutoa moshi huonekana salama, kumbe wakati huo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba hewa ya kutosha. Mtu aliyelala haamki, kwa kuwa hakuna kinachomkereketa kooni. Mtoto hupumua kwa kasi zaidi kuliko mtu mzima na hivyo huvuta gesi nyingi zaidi kwa uzito wake. Mama mjamzito naye yumo hatarini, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia gesi hiyo kwa muda mrefu kuliko damu ya mama. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi, kwani hakuna awezaye kujua kama hewa inayoingia inalingana na gesi inayozalishwa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Alama inayosaidia kuitofautisha na malaria au mafua ni kwamba watu kadhaa wa nyumba moja huugua kwa pamoja, kisha hupata nafuu wakitoka nje. Hatua ya kwanza ni kuwatoa wote kwenye hewa safi, ya pili ni kuwafikisha mahali penye oksijeni. Wahudumu wa afya wakumbuke kwamba kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hudanganya katika hali hii: hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye mahututi. Maelezo kuhusu jiko ndani ya chumba yana uzito kuliko namba ya kwenye kioo, na oksijeni ianze kutolewa bila kuingojea namba hiyo ishuke.

Basi joto litoke wapi? Chanzo cha kwanza ni mwili wa mama. Mtoto akivuliwa, akaachwa na nepi na kofia tu, akawekwa wima kati ya matiti ya mama na wote wawili wakafungwa kwa kitenge, hupata joto la kudumu. Njia hii, iitwayo huduma ya kangaruu, ilianzia Bogota, Kolombia, mwaka 1978, kwa ajili ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na kuonyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa huokoa maisha ya watoto hao. Baba au bibi anaweza kumpokea mama zamu hiyo, mradi anayembeba yuko macho au ameegemea mahali imara huku mtoto amefungwa vizuri.

Chanzo cha pili ni mavazi. Kwa kawaida mtoto huhitaji vazi moja zaidi ya yale anayohitaji mtu mzima katika chumba hicho hicho. Kofia ndogo inayobana vizuri inafaa siku za mwanzo na kwa mtoto mdogo sana. Kofia kubwa inayoteleza hadi puani haifai. Chanzo cha tatu ni kukipasha kitanda kabla ya kulala: chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo huwekwa kitandani kwa muda, kisha huondolewa kabla mtoto hajalazwa, kwa kuwa ngozi yake huungua kwa joto ambalo mtu mzima hulivumilia. Jiko, kama lazima litumike jioni, libaki jikoni au sebuleni milango ikiwa wazi, na litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala.

Joto likizidi nalo ni hatari. Shingo yenye jasho, kifua cha moto, wekundu wa ngozi na kupumua kwa kasi ni ishara kwamba mtoto amefunikwa mno. Apunguzwe nguo moja, kisha akaguliwe tena baada ya muda mfupi. Asipobadilika apimwe homa, kwa sababu dalili hizo huweza pia kuwa za ugonjwa.

Mwanga wa usiku

Mtoto hazaliwi akijua tofauti ya usiku na mchana. Mpangilio wake wa usingizi huanza kufuata jua taratibu katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo, nao husaidiwa na homoni ya melatonini, ambayo ubongo huitoa gizani. Maziwa ya mama ya usiku yana melatonini, ilhali ya mchana yana kidogo sana. Mwanga mkali mweupe, hasa wenye rangi ya samawati kama wa kioo cha simu, hukatiza utoaji wa homoni hiyo kwa mama, naye hukesha hata baada ya mtoto kulala. Mwanga hafifu wa rangi ya njano au nyekundu huathiri kidogo zaidi.

Kinachohitajika ni mwanga unaotosha kuona mambo mawili: kama mtoto amekishika vizuri chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na kama midomo yake ina rangi ya kawaida. Taa ndogo ya sola inatosha. Iwekwe chini ya usawa wa kitanda na ielekezwe ukutani, ili chumba kipate mwanga unaorudi badala ya mwanga unaochoma macho. Ikiwa mama anaweza kuiona mistari ya kiganja chake kwa shida kidogo, mwanga huo unafaa. Balbu ya umeme isifungwe kitambaa ili kuipunguza ukali, kwa maana balbu inayopata joto huunguza kitambaa.

Koroboi na mshumaa visiingie katika chumba hiki. Masizi ya koroboi huingia kwenye mapafu ya mtoto. Moto wake hukaa karibu na chandarua, ambacho hutengenezwa kwa nyuzi zinazoyeyuka na kuwaka upesi. Hatari ya tatu ni mafuta ya taa yenyewe, ambayo mara nyingi huhifadhiwa kwenye chupa ya soda. Mtoto anayeanza kutambaa au kutembea huyanywa akidhani ni kinywaji. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asipewe maziwa ili atapike, kwa kuwa mafuta hayo yakipanda huingia mapafuni na kuleta nimonia. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Mwanga wa njano una udhaifu mmoja ambao wazazi na wahudumu wanapaswa kuujua: huficha umanjano wa mwili. Mtoto mwenye homa ya manjano ya utotoni huonekana wa kawaida chini ya taa ya usiku. Kwa hiyo kila asubuhi, katika wiki ya kwanza hasa, mtoto asogezwe karibu na dirisha au mlango, macho na fizi zake ziangaliwe, na ngozi ya kifua ibonyezwe kidogo kwa kidole kisha iachwe ili kuona rangi inayobaki. Umanjano unaotokea ndani ya saa 24 za kuzaliwa, au unaofika viganjani na nyayoni, au unaoambatana na kukataa kunyonya, ni wa kupelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Kunyonyesha usiku bila kuhangaika

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku moja, na sehemu ya mara hizo ni usiku. Haifai kuzipunguza ili mama apumzike, kwa sababu homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na titi linalonyonywa usiku huendelea kuwa na maziwa mchana. Kinachoweza kupunguzwa ni kazi inayozunguka kunyonyesha: kuinuka, kutafuta taa, kutafuta nguo kavu, kutafuta maji ya kunywa.

Vitu vinne vikae mahali pamoja ambapo mama anavifikia akiwa amekaa kitandani: taa, nguo kavu mbili au tatu za kumbadilisha mtoto, ndoo yenye mfuniko ya kuweka zilizolowa, na maji ya kunywa katika chombo kilichofunikwa. Chupa ya chai ya moto isiwe miongoni mwake. Mkono wenye usingizi huipindua, na chai inayomwagika kitandani humbabua mtoto mwili mzima.

Mtoto abadilishwe kwanza nguo ikiwa imelowa sana, ili asipoe wakati ananyonya. Mama alale kwa ubavu, mtoto naye alale ubavu akimwelekea, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa mkabala na chuchu. Mkono wa chini wa mama ukae juu ya kichwa cha mtoto, nao humzuia mama kubingirika mbele. Mtoto akimaliza, acheulishwe, kisha arudishwe kitandani kwake akiwa chali. Mama asisimulie, asicheze naye wala asiwashe taa kubwa. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza polepole kwamba usiku si wakati wa mazungumzo.

Mtoto aliyetulia mno hustahili kuangaliwa. Katika wiki za mwanzo, mtoto mwenye uzito mdogo aamshwe ikiwa saa 3 zimepita bila kunyonya. Dalili kwamba anapata maziwa ya kutosha ni kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku kuanzia mwishoni mwa wiki ya kwanza, na kurudia uzito wake wa kuzaliwa kabla ya wiki mbili kupita. Mtoto anayekataa kunyonya, anayelegea, anayepumua kwa shida, mwenye degedege au mwenye homa hangojewi hadi asubuhi.

Chumba cha mfano

Tuchukue chumba cha kawaida cha mkulima wa kahawa: urefu mita 3.6, upana mita 3, ukuta wa matofali, paa la bati bila dari. Ukuta mmoja mrefu unatenganisha chumba na sebule, na mlango uko mwisho wake. Ukuta mrefu unaoukabili ni wa nje na una dirisha dogo la mbao upande ule ule wa mlango. Ukuta mmoja mfupi unapakana na chumba cha watoto wakubwa. Ule mwingine mfupi, ulio jirani na mlango na dirisha, ni wa nje. Ndani yake mna kitanda cha futi 5 kwa 6, kabati la kimo cha mita 1.8, magunia ya kahawa, bomba la kupulizia dawa na mfuko wa mrututu.

Kazi ya kwanza ni kutoa. Bomba, mrututu na viuatilifu vyote vya kahawa hutolewa chumbani na kufungiwa mahali pengine penye kufuli, mbali na chakula. Magunia nayo hutoka, kwa kuwa huleta vumbi na panya, na yakipangwa kwa kimo huweza kuanguka.

Kazi ya pili ni kukiweka kitanda cha wazazi. Kichwa chake huelekezwa kwenye ukuta mfupi wa ndani, na ubavu wake mmoja husukumwa hadi ushikane na ukuta wa sebule bila kuacha mwanya. Baba hulala upande wa ukuta, mama upande wa wazi. Kitanda kimechukua sentimita 150 za upana wa chumba, zimebaki 150. Kitanda cha mtoto chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 100 huwekwa ubavuni kwa mama na kufungwa kwa kamba fupi kwenye fremu ya kitanda kikubwa ili kisisogee. Fundo likae chini, nje ya mikono ya mtoto. Zimebaki sentimita 90 kati ya mtoto na ukuta wa nje. Dirisha na mlango viko upande wa miguu, hivyo hewa inayopita kati yake haimfikii.

Kazi ya tatu ni kabati. Likiwekwa kwenye ukuta mfupi wa nje, na kina chake kikiwa sentimita 50, uso wake unasimama sentimita 310 kutoka ukuta wa kichwa. Likianguka mbele kwa kimo chake cha sentimita 180, ncha yake itafika kwenye alama ya sentimita 130. Kitanda cha mtoto kinaishia kwenye alama ya 100, kwa hiyo hakiguswi. Hata hivyo miguu ya wazazi ingeguswa, na mtoto akianza kutembea ataning'inia kwenye droo. Kabati lifungwe ukutani kwa kipande cha bati na misumari ya zege sehemu ya juu, na vitu vizito viwekwe chini. Hakuna rafu, picha wala saa inayotundikwa juu ya kitanda cha mtoto.

Kazi ya nne ni kigoda cha mama. Kinakaa kwenye mwisho wa kitanda cha mtoto, kando ya kitanda kikubwa, kikiwa na taa iliyoelekezwa ukuta wa nje, nguo kavu na maji. Ndoo iko chini yake. Mama akikaa kitandani anavifikia vyote bila kukanyaga sakafu, na sehemu iliyobaki ya ubavu wa kitanda inamtosha kushuka.

Mwisho ni vyandarua, kimoja kwa kila kitanda, vikining'inizwa kwenye boriti. Ncha za chandarua cha mtoto huchomekwa chini ya godoro lake, kitambaa kikiwa mbali na uso, na kamba iliyozidi hukatwa ili kusiwe na kitanzi kinachoning'inia. Ingawa Mkumbi kuna baridi, malaria ipo, na familia husafiri kwenda ziwani na kurudi. Vyandarua vyenye dawa hutolewa kliniki ya wajawazito na mtoto anapopata chanjo ya kwanza ya surua.

Familia ikihamia mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, mpangilio hubadilika kwa kuwa tatizo limegeuka. Huko joto na mbu hutangulia baridi. Kitanda cha mtoto husogezwa penye hewa, nguo hupunguzwa hadi moja nyepesi, na chandarua huteremshwa kabla ya machweo. Ulalaji wa chali, godoro gumu, kabati lililofungwa na mwiko wa koroboi havibadiliki.

Kwa mhudumu wa kliniki, maswali matatu katika hudhurio la mwisho la ujauzito yanatosha kufichua karibu yote haya: mtoto atalala wapi, jiko hukaa wapi usiku, na mama atanyonyeshea kwa taa gani. Majibu yaandikwe kwenye kadi, na yaulizwe tena mama anaporudi na mtoto.